Kutoka logibuku hadi leseni: mwongozo kwa wakunga wapya wa Mwanza na visiwani

Ukimsikia mhitimu wa uuguzi na ukunga akilalamika kwamba usajili wake umekwama, mara nyingi atasema mfumo unasumbua au Baraza linachelewa. Mwulize zaidi kidogo. Utakuta jina kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la kitambulisho cha taifa, au logibuku yake, kile kitabu cha kumbukumbu za kazi za vitendo wodini, ina kurasa ambazo msimamizi hakuzisaini na sasa amehamia wilaya nyingine. Mwongozo huu unafuata njia nzima, lakini utakaa muda mrefu zaidi kwenye logibuku. Hapo ndipo makosa huzaliwa mapema, na ukiondoka wodini kurudi kuyasahihisha ni kazi ngumu.

Ramani fupi kabla ya safari

Anayesimamia ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, wengi tunaliita TNMC, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kwa sheria hiyo huwezi kumzalisha mama kama mtaalamu kwa sababu tu una cheti cha chuo. Unahitaji vitu viwili, na watu huvichanganya: usajili na leseni. Usajili unaingiza jina lako kwenye daftari la Msajili. Leseni ndiyo ruhusa ya kufanya kazi, nayo ina tarehe ya kuisha. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa vizuri kabisa, huku leseni yake imelala na hana ruhusa ya kushika zamu.

Kwa mwenye stashahada mlolongo ni huu: unakamilisha mafunzo ya vitendo na logibuku, unafaulu mitihani ya chuo, unaomba na kufanya mtihani wa Baraza, unasajiliwa, unapewa leseni, kisha unaihuisha. Mwenye shahada, tuseme aliyetoka chuo kikuu pale Bugando, ana utarajali wa mwaka mmoja hospitalini katikati ya njia hiyo, kwa hiyo ana kumbukumbu zaidi za kutunza.

Hatua ya kwanza: logibuku ijazwe zamu ileile

Kila chuo hutoa kitabu chake, na idadi ya akina mama unaotakiwa kuwazalisha imeandikwa ndani. Isome siku unapokabidhiwa, kwa sababu kuna safu zaidi ya moja na haziwezi kusaidiana. Kwa kawaida kuna uzazi ulioutazama, ule uliosaidia, na ule uliouzalisha mwenyewe chini ya uangalizi. Pembeni kuna upimaji wa wajawazito kliniki, ufuatiliaji wa uchungu kwa patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, huduma ya mtoto mchanga na huduma baada ya kujifungua.

Safu inayoleta ugomvi ni ile ya kuzalisha mwenyewe. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni rahisi: mikono iliyopokea kichwa na mabega ilikuwa ya nani? Kama ni yako, na msimamizi alikuwa kando yako, andika. Kama ulimfuatilia mama saa sita nzima, ukajaza patografu vizuri, halafu zamu ikaisha na mwenzako akampokea mtoto, hiyo ni patografu yako na ni uzazi wa mwenzako. Inauma, najua. Kadhalika mama aliyepelekwa kufanyiwa upasuaji hahesabiki kama uzazi wako hata kama ndiye ulimpokea, ukamweka katheta na kusukuma kitanda hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

Kwenye hospitali kubwa kama Bugando au Sekou Toure wanafunzi huwa wengi kitandani, na ndipo unapokuta uzazi mmoja umeandikwa na watu watatu. Mkaguzi halazimiki kuwa mpelelezi ili augundue. Anachukua namba ya mama kwenye logibuku ya wa kwanza, anaitafuta kwa wa pili, basi. Wakubwa wa leba wenye busara hupanga tangu mwanzo wa zamu nani anazalisha, nani anampokea mtoto mezani, nani anasaidia. Kama kwenu hakuna utaratibu huo, ombeni uwekwe.

Hospitali za wilaya na visiwani zina neema yake. Ukipangiwa Sengerema, Magu au Nansio kule Ukerewe, utagusa kazi kwa mikono yako mapema zaidi. Ila msimamizi ni mmoja au wawili, na akiondoka ameondoka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 kurudi Sengerema kutafuta saini si safari ya kutisha tena, lakini Ukerewe bado ni kupanda meli. Saini ichukuliwe kabla ya kukabidhiana zamu.

Mfano mmoja, mstari kwa mstari

Tuchukue mwanafunzi aliye zamu ya usiku tarehe 14. Mama anaingia leba saa mbili na dakika kumi usiku. Ni mimba yake ya tatu, ameshazaa mara mbili, ujauzito una wiki 39. Njia imefunguka sentimita 5, mapigo ya moyo ya mtoto ni 136 kwa dakika. Patografu inafunguliwa hapo hapo.

Kosa la kwanza linasubiri kwenye saa. Sisi tunahesabu saa mbili usiku, lakini rejesta ya wodi, kile kitabu cha MTUHA namba 12 cha leba na kujifungua, pamoja na patografu, husomeka vizuri zaidi kwa saa 24. Mwanafunzi akiandika "2:10" kwenye logibuku na rejesta ikasema 20:10, anayelinganisha ataona vitu viwili tofauti. Uliza wodi inatumia saa ipi, kisha tumia hiyohiyo mahali pote. Nitatumia saa 24 kuanzia hapa.

Saa 00:10 anapimwa tena: sentimita 9. Kwenye patografu tuliyoizoea, mstari wa tahadhari unapanda sentimita 1 kwa saa. Alianza na 5, zimepita saa nne, kwa hiyo 9 iko juu ya mstari wenyewe. Hajachelewa. Saa 01:00 anasikia kusukuma, anapimwa, njia imefunguka yote. Saa 01:25 mtoto wa kike anazaliwa, analia, anawekwa kifuani kwa mama. Saa 01:26, baada ya kuhakikisha tumboni hakuna mtoto mwingine, mama anachomwa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli. Saa 01:34 kondo la nyuma linatoka lote pamoja na utando wake. Damu inakadiriwa mililita 250. Msamba una mchubuko wa daraja la kwanza ambao hautoki damu, hakuna kushona. Mtoto ana gramu 3,100, apga 8 dakika ya kwanza na 9 dakika ya tano.

Sasa tarehe. Mwanafunzi alianza zamu tarehe 14, na kichwani mwake usiku ule wote ni wa tarehe 14. Anaandika 14. Lakini mtoto amezaliwa saa 01:25, yaani tarehe 15, na rejesta imeandikwa 15. Miezi baadaye mkaguzi anatafuta uzazi huo kwenye ukurasa wa tarehe 14 na haupo. Kwa mkaguzi, uzazi usioonekana kwenye rejesta haujatokea. Dawa yake ni kuandika tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto, na kwenye safu ya maelezo kuongeza "zamu ya usiku ya 14/15". Hapo rejesta inakubali, na rosta ya wodi nayo inakubali.

Kwa hiyo mstari wake kwenye logibuku utasomeka hivi:

```
Tarehe: 15   Zamu: usiku 14/15   Na. ya rejesta: (kutoka MTUHA 12)
Mimba 3, uzazi 2, wiki 39. Kuingia 20:10, sm 5. Patografu: ndiyo
Kuzaliwa 01:25, kawaida, kichwa. KE, g 3,100. Apga 8/9
Oksitosini yuniti 10, 01:26. Kondo 01:34, limekamilika
Damu ml 250. Msamba: daraja la 1, haukushonwa
Nafasi yangu: nimezalisha. Msimamizi: jina, cheo, saini
```

Jina la mama halimo. Namba ya rejesta inatosha kumpata akihitajika, na logibuku ni kitabu kinachozunguka kwenye mabweni, madaladala na meza za mgahawa. Ukipiga picha kurasa zako ili uwe na nakala, jambo ninalolihimiza sana kwa wanaovuka maji, piga logibuku peke yake. Ukurasa wa rejesta ya hospitali usiupige, una majina na majibu ya vipimo vya watu.

Angalia pia jinsi saa zinavyosimuliana. Sindano imekuja dakika moja baada ya mtoto, kondo dakika nane baada ya sindano. Kuna logibuku utakazoziona zina uzazi ishirini, na kila kondo limetoka dakika 5 kamili, kila damu ni mililita 200, kila mtoto ana gramu 3,000 na apga 9 na 10. Wino mmoja, mwandiko mmoja, umejazwa jioni moja. Uzazi wa kweli haufanani hivyo. Yupo atakayechanika, yupo mtoto wa gramu 2,300, kuna kondo la dakika 25 lililowatoa jasho. Kumbukumbu isiyo na tatizo hata moja humfanya msomaji aanze kukagua kila mstari.

Na tatizo likitokea, liandike pamoja na ulichofanya. Tuseme damu ingefika mililita 600. Zaidi ya 500 baada ya uzazi wa kawaida tunahesabu ni kutokwa damu nyingi. Andika kiasi, andika kwamba uliita msaada, mkasugua mfuko wa uzazi, mkamwaga kibofu, mkafungua mishipa na kuweka dripu, dawa gani iliongezwa na saa ngapi, damu ilikoma lini. Wapo wanafunzi wanaopunguza kiasi ili waonekane wazuri. Faili la mama linasema 600, logibuku inasema 300, na sasa kuna swali la uaminifu ambalo halikuwapo.

Saini, na namna ya kuiomba

Msimamizi aliyechoka asubuhi hatasaini kurasa kumi kwa furaha. Mwendee mara tu uzazi unapomalizika na mama ametulia.

"Shikamoo sista. Naomba unisainie huyu wa saa saba na nusu."

"Marahaba. Namba yake ya rejesta iko wapi?"

Swali hilo ndilo zuri. Msimamizi anayesaini bila kuuliza anakuharibia, maana saini yake ikihojiwa hatakumbuka chochote. Hakikisha aliyesaini ndiye aliyekuwa zamu. Rosta hutunzwa, na saini ya mtu aliyekuwa likizo siku ile inaonekana upesi kuliko unavyodhani. Kama uliyefanya naye kazi amehamishwa, usitafute mtu wa kumsainia "kwa niaba" kimyakimya. Mwone matroni au mkuu wa wodi, mfungue rejesta pamoja, na yeye aandike wazi kwamba amethibitisha kutokana na rejesta, aweke jina lake, cheo na tarehe ya siku hiyo. Ukikosea kuandika, pitisha mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi kando, weka saini fupi. Wino mweupe wa kufutia usiukaribishe kwenye kitabu hiki.

Hatua ya pili: majina

Sehemu hii ni kavu lakini inakwamisha wengi. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, vyeti vya chuo na kitambulisho cha taifa. Soma herufi kwa herufi. Huku kwetu kanda ya ziwa majina hupindishwa na waandikaji: Kulwa na Kurwa, Doto na Dotto, Mhoja na Muhoja. Kwa mama yako ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili.

Kama tofauti ni ya tahajia au mpangilio wa majina, mwone wakili akuandalie kiapo kinachosema majina yote ni ya mtu mmoja. Kama umebadilisha jina kabisa, pengine baada ya ndoa, njia ni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Fanya hivi ukiwa bado chuoni, maana kitambulisho chenye kosa nacho kina foleni yake ya kukirekebisha. Na akaunti yako kwenye mfumo wa Baraza ifunguliwe kwa jina lililo kwenye vyeti vya taaluma. Wapo walioweka jina la ndoa kwa sababu ndilo wanaloitwa, wakajikuta na cheti cha mtu mmoja na maombi ya mwingine.

Hatua ya tatu: mtihani wa Baraza

Kufaulu chuo hakukupi leseni. Baraza lina mtihani wake kwa wanaoomba kuingia kwenye taaluma, na unaombwa kupitia mfumo wake mtandaoni. Unajaza taarifa, unapakia vyeti, mfumo unakupa kontroo namba, unalipa benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi akulipie "haraka haraka". Kontroo namba ni yako peke yako, na malipo yakipita yanaonekana kwenye akaunti yako. Kagua vilevile ukubwa na usomekaji wa vyeti ulivyopakia; picha ya simu iliyopigwa chini ya taa ya njano mara nyingi hurudishwa.

Wengi hujiandaa kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita. Mimi nawaambia wafungue logibuku. Chagua uzazi mmoja uliouandika, kisha ubadilishe jambo moja. Yule mama wa tarehe 14: ingekuwaje kama saa 00:10 angekuwa bado sentimita 6? Angekuwa upande wa kulia wa mstari wa tahadhari. Ungeangalia nini kwanza: nguvu ya uchungu, kibofu, mkao wa kichwa, mapigo ya mtoto? Na mstari wa kuchukua hatua uko saa nne kulia kwa ule wa tahadhari, kwa hiyo ukiwa kituo cha afya kisiwani, ni wakati gani unapaswa kuwa umeshaita usafiri? Ziwa likichafuka usiku, jibu la "nitampeleka akivuka mstari wa pili" ni jibu la kuchelewa.

Badilisha tena: mama huyo amepata degedege la kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti ni gramu 4 kwenye mshipa taratibu, kisha gramu 10 kwenye msuli, yaani 5 kila tako. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza unapima pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, unaangalia mkojo na mwitiko wa goti, na kalsiamu glukoneti iko karibu. Aliyewahi kuifanya, au kuitazama kwa makini na kuiandika, hahitaji kukariri mpangilio huo. Ndiyo maana nasema logibuku iliyojazwa kwa uongo inakuibia mara mbili: ukikaguliwa, na ukikaa chumba cha mtihani.

Ukifeli, angalia kwenye mfumo utaratibu wa kurudia na omba mapema. Katikati ya hapo usikubali zahanati ya mtaani ikuajiri "kwa kusubiria". Huna leseni, na likitokea jambo kwa mama, utakayeulizwa ni wewe.

Hatua ya nne: usajili na leseni ya kwanza

Matokeo yakishatoka na umefaulu, unaombea usajili na leseni kwa akaunti ileile. Sheria inatofautisha ngazi: wenye cheti huorodheshwa, wenye stashahada na kuendelea husajiliwa. Leseni ikitoka, soma mambo matatu kabla ya kuichapisha: jina, ngazi ya taaluma, na tarehe ya kuisha. Makosa yaliyoripotiwa wiki ya kwanza hurekebishwa kwa urahisi kuliko yale yanayogunduliwa na ofisa utumishi siku ya kuripoti kazini.

Hatua ya tano: kuihuisha leseni

Kuhuisha kuna ada na kuna mafunzo endelezi. Ada ni rahisi: kontroo namba, lipa, hifadhi risiti. Mafunzo ndiyo huwashtua watu mwezi wa mwisho, hasa walio visiwani wanaoamini kwamba mafunzo ni semina ya hotelini jijini. Kipindi cha asubuhi kituoni, mjadala wa kifo cha mama au mtoto, mazoezi ya kumsaidia mtoto asiyepumua, mafunzo ya mtandaoni yanayotambuliwa: haya yote yanaweza kuhesabika iwapo yameandaliwa kwa utaratibu unaokubaliwa na yana ushahidi. Kabla ya kukaa darasani muulize mwandaaji kama mafunzo yake yanatambuliwa na Baraza. Ukiuliza baada ya chai, umechelewa.

Tenga bahasha moja, na nakala zake kwenye barua pepe. Kila mafunzo yakiisha weka cheti au karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa, yenye mada, tarehe na muda. Ingiza kwenye mfumo mwezi huohuo, siku mtandao wa kisiwani umetulia, badala ya kulundika ya kipindi kizima usiku mmoja.

Weka ukumbusho kwenye simu miezi miwili kabla ya tarehe iliyo kwenye leseni. Likizo ya uzazi haisimamishi tarehe hiyo, wala kwenda kusoma, wala kuhamishiwa ofisini. Ikiwa imeshapita, acha kushika zamu za kuwahudumia akina mama, mwarifu matroni, na uanze kuhuisha siku hiyo pamoja na adhabu yoyote ya ucheleweshaji ambayo mfumo utaonyesha. Matroni naye anapaswa kuwa na orodha ya tarehe za leseni za wote walio chini yake, ukutani ofisini kando ya rosta. Kama hana, mwandikieni.